Mwalimu Mpya na Muhtasari wa Hisabati: Jinsi ya Kusoma Malengo, Mpangilio wa Mada na Mgawanyo wa Alama

Kila mwaka shule zetu za sekondari hapa Dodoma, kuanzia zile za mjini hadi zile za Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, hupokea walimu wapya. Siku ya kwanza mwalimu hukabidhiwa ratiba, kitabu cha kiada na muhtasari wa somo. Ratiba huibandika ukutani na kitabu hukibeba kwenda darasani. Muhtasari mara nyingi huwekwa kabatini, ukasubiri siku mkaguzi atakapokuja. Hapo ndipo taabu nyingi huanzia, kwa kuwa kitabu ni njia mojawapo tu ya kufika, ilhali muhtasari ndio unaosema tunakokwenda, kwa hatua zipi, na safari hiyo itapimwaje.

Katika makala haya tunapenda kuueleza muhtasari mmoja, ule wa Hisabati kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Tumelichagua somo hili kwa sababu kwa miaka mingi ndilo linalowaachia watahiniwa wetu alama F kwa wingi, na kwa sababu ndani yake makosa ya mwalimu mgeni huonekana waziwazi kuliko katika masomo mengine. Shule za Kanisa na shule za Serikali hufuata muhtasari uleule unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na wanafunzi wao hukutana mbele ya mtihani mmoja wa Baraza la Mitihani. Kwa hiyo tunayoyasema yanawahusu walimu wote.

Kwanza, tazama mwaka ulioandikwa kwenye jalada

Tupo katika kipindi cha mpito. Kwa miaka mingi tulitumia muhtasari wa 2005. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutekelezwa kwa awamu mwezi Januari 2024, ukiingia darasa baada ya darasa, na si shule nzima kwa siku moja. Matokeo yake ni kwamba shule moja yaweza kuwa na mihtasari miwili kwa wakati mmoja: darasa la chini linafuata mpya, darasa la juu linamalizia wa zamani. Mwalimu anayefundisha vidato viwili hana budi kumwuliza mwalimu wa taaluma ni muhtasari upi unaofuatwa na kila darasa lake, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa azimio la kazi.

Mihtasari hiyo miwili inatofautiana katika safu zake. Ule wa 2005 unaanza na mada, kisha mada ndogo, malengo mahususi, mbinu za kufundishia na kujifunzia, zana, upimaji, na mwisho idadi ya vipindi. Ule wa 2023 unaanza na umahiri mkuu, ukafuata umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mbinu, vigezo vya upimaji, zana, na idadi ya vipindi. Tofauti hii ina maana yake. Wa zamani unatanguliza kile kitakachofundishwa, nao mpya unatanguliza kile mwanafunzi atakachoweza kukitenda. Hata hivyo, namna ya kuisoma ni moja: tafuta kwanza safu inayomtaja mwanafunzi, uache kwa muda ile inayotaja mada.

Malengo: fuata kitenzi

Katika maelezo haya tutafuata muhtasari wa 2005, kwa kuwa ndio ambao wengi wetu tunaujua kwa undani. Chukueni mada ya kidato cha tatu inayoitwa Dunia kama Tufe. Mwalimu mgeni akiisoma mada peke yake huenda akadhani kazi yake ni kueleza ikweta, latitudo na longitudo, kuchora duara ubaoni na kutoa maandishi ya kunakili. Akisogeza jicho kwenye safu ya malengo atakuta mambo mengine. Mwanafunzi atarajiwa aweze kuonyesha mahali palipo juu ya uso wa dunia, kisha aweze kukokotoa umbali kati ya sehemu mbili juu ya duara kubwa, yaani lile ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia, na pia juu ya duara dogo, yaani mzingo wa latitudo yoyote isiyo ikweta. Vitenzi ni viwili: kuonyesha na kukokotoa. Kila kitenzi kinadai zoezi lake, na kila zoezi linadai swali lake la kupima.

Tuonyeshe kwa mfano. Mji wa Dodoma uko karibu na latitudo nyuzi 6 kusini na longitudo nyuzi 36 mashariki. Ni jambo jema kuanzia hapa nyumbani, kwa sababu mtoto anapajua. Mwalimu aweza kuuliza: ni umbali gani kati ya sehemu mbili zilizo kwenye latitudo 6 kusini, moja ikiwa longitudo 36 mashariki na nyingine longitudo 39 mashariki, kuelekea pwani? Tukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6370, hesabu yake ni hii:

```
(3 ÷ 360) × 2 × 3.14 × 6370 × cos 6°
= 333.4 × 0.9945
= 331.5 (kilomita, kwa kukadiria)
```

Sasa mwanafunzi aliyesahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo, yaani aliyechanganya duara dogo na duara kubwa, atapata kilomita 333.4. Tofauti ni kilomita mbili tu. Akikadiria hadi kilomita kumi zilizo karibu, jibu lake litakuwa 330 sawa na la mwenzake aliyefanya vema. Mwalimu atatia alama ya vema, ilhali mtoto hajafikia lengo hata kidogo.

Swali hilohilo likipelekwa kwenye latitudo nyuzi 60, kosaini ni 0.5, na jibu sahihi ni kilomita 166.7. Aliyesahau kosaini bado ataleta 333.4, mara mbili ya jibu sahihi, na kosa litajifichua lenyewe. Hapo tunaona kazi ya safu ya malengo. Swali la Dodoma linafaa kwa lengo la kuonyesha mahali, lakini kwa lengo la kukokotoa umbali juu ya duara dogo halitenganishi anayejua na asiyejua. Kabla ya kutunga swali, mwalimu ajiulize: asiyefikia lengo hili atajibu nini? Ikiwa jibu lake litafanana na la aliyefikia, swali hilo halijapima lengo.

Mpangilio wa mada: kila mada inasimama juu ya nyingine

Walimu wengi wapya huuliza kama wanaruhusiwa kubadili mpangilio wa mada. Kabla ya kujibu, tuirudie mada ileile ya Dunia kama Tufe na kuuliza mtoto anahitaji nini ili aweze ile hesabu ya mistari mitatu. Anahitaji kuelewa kwamba 3 juu ya 360 ni sehemu ya duara zima. Hiyo ni mada ya Sehemu, ya mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Anahitaji kujua kukadiria jibu. Hiyo ni mada ya Makadirio, kidato hichohicho. Anahitaji kanuni ya mzingo wa duara, inayopatikana katika Mzingo na Eneo, mada ya mwisho ya kidato cha kwanza. Anahitaji kosaini, inayofundishwa katika Trigonometria ya kidato cha pili. Mwisho anahitaji urefu wa sehemu ya mzingo, unaotoka katika mada ya Duara, inayotangulia Dunia kama Tufe katika kidato cha tatu.

Kwa hiyo mada moja ya kidato cha tatu inasimama juu ya nguzo tano, na tatu kati ya hizo zilichimbiwa kidato cha kwanza. Nguzo mojawapo ikikosekana, mwalimu wa kidato cha tatu ataeleza vizuri ajabu, na darasa halitamwelewa. Atasema watoto hawa ni wazito. Kumbe waliachwa nyuma miaka miwili iliyopita.

Jibu letu basi ni hili. Mpangilio waweza kuguswa pale ambapo mada mbili hazitegemeani. Takwimu ya kidato cha pili, kwa mfano, haitegemei Trigonometria, na mwalimu aweza kuitanguliza akiwa na sababu, mradi akubaliane na idara yake na aandike hivyo katika azimio la kazi. Pale ambapo mada moja inaibeba nyingine, mpangilio usiguswe. Njia rahisi ya kujua ni kuchukua swali moja la mwisho wa mada, kulikokotoa mwenyewe hatua kwa hatua, na kuandika pembeni mwa kila hatua jina la mada ilikotoka. Kazi hiyo huchukua jioni moja kwa kila mada, na hakuna kitabu cha kiada kinachoifanya badala ya mwalimu.

Hapa kwetu katika nyanda za kati kuna jambo jingine ambalo muhtasari hauwezi kuliandika. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Januari na Februari ni miezi ya palizi, na katika kaya nyingi ndiyo miezi ya akiba kupungua ghalani. Baadaye uwele na mtama hulindwa dhidi ya ndege. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huripoti kwa kuchelewa, wengine wiki ya pili, wengine mwezi wa pili, wakati wazazi wanatafuta sare na mahitaji. Miezi hiyohiyo ndiyo muhtasari umeweka Namba, Sehemu, na Desimali na Asilimia. Maana yake ni kwamba mada zinazobeba nyingine zote ndizo zinazofundishwa wakati viti vingi viko wazi.

Mwalimu hawezi kubadili mvua, lakini aweza kupanga azimio lake kwa kuijua. Tunashauri vipindi vya mada hizi za mwanzo vigawanywe: sehemu kubwa ifundishwe mahali pake Januari na Februari, na vipindi vichache vihifadhiwe kwa ajili ya kuzirudia mwezi wa Mei, darasa likiwa limejaa. Tuseme muhtasari umetoa vipindi 18 kwa mada fulani, na ratiba ya shule ina vipindi 6 kwa wiki. Mada hiyo ni ya wiki tatu. Mwalimu akitumia vipindi 14 mwanzoni na kuhifadhi 4, hajaupunguzia muhtasari chochote, na aliyechelewa kuripoti amepata mlango wa kuingilia.

Mgawanyo wa alama: mizani mitatu isiyofanana

Mwalimu mpya hukutana na namba za aina tatu, na kosa la kawaida ni kuzichukulia kama kitu kimoja. Ya kwanza ni idadi ya vipindi vya kila mada. Hii inapima muda wa kujifunza, wala haisemi mada hiyo italeta alama ngapi katika mtihani. Ya pili ni mgawanyo wa alama ndani ya karatasi ya mtihani, ambao haumo katika jedwali la mada. Uko katika fomati ya mtihani inayotolewa na Baraza. Ya tatu ni uwiano kati ya upimaji endelevu na mtihani wa mwisho, ambao ni alama 30 kwa 70.

Tutazame ya pili. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne, kwa fomati ambayo watahiniwa wameizoea katika miaka ya karibuni, ina maswali 14, yote ya lazima, kwa muda wa saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 yenye alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B ina maswali 4 yenye alama 10 kila moja, jumla 40. Sehemu B ndiyo inayowatisha wanafunzi na kuwavutia walimu: humo hukaa Takwimu na Duara, Dunia kama Tufe na maumbo ya pande tatu, Matriki, na uchaguzi wa thamani bora kwa kutumia grafu. Kwa sababu hiyo tunaona walimu wakipita mbio vidato vya chini ili wapate muda wa kutosha wa mada hizo kubwa.

Lakini tazameni Sehemu A. Namba na makadirio, vipeo na logarithi, seti, vipimo, uwiano na faida, jiometri, kanuni ya Pithagoras, aljebra: kwa kiasi kikubwa hizi ni mada za kidato cha kwanza na cha pili. Zaidi ya nusu ya alama zote za karatasi iko katika sehemu inayotegemea sana mambo yaliyofundishwa kabla mtoto hajafika kidato cha tatu. Alama ya D huanzia 30 na C huanzia 45. Mwanafunzi anayezimudu vizuri mada za vidato viwili vya kwanza ana njia ya kupata ufaulu hata kama maswali ya Sehemu B yatamshinda. Aliyezikosa hana mahali pa kuanzia, kwa kuwa hata Sehemu B, kama tulivyoona, inazidai hizohizo.

Sasa tuje kwenye 30 na 70. Alama 30 za upimaji endelevu hukusanywa kwa miaka kadhaa. Humo huingia upimaji wa taifa wa kidato cha pili, mitihani ya kidato cha tatu, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne na kazi mradi. Mgawanyo wa ndani wa alama hizo usomwe katika muhtasari na miongozo ya Baraza ya mwaka husika, usiulizwe kwa mazoea ya mwalimu mwenzako. Jambo la kushika ni kwamba mwalimu wa kidato cha tatu anapoandika alama za Juni, anaandika sehemu ya matokeo ya mwisho ya mtoto. Akihama bila kukabidhi kumbukumbu, ameondoka na alama za watu.

Tufanye hesabu ya wanafunzi wawili. Wa kwanza alipewa alama kwa ukarimu na akafika na 27 kati ya 30. Katika mtihani alipata 20 kwa mia, ambayo kwa uwiano wa 70 ni alama 14. Jumla yake ni 41, D. Wa pili alipimwa kwa haki tangu mwanzo, akasaidiwa palipopungua, akafika na 18. Katika mtihani alipata 45 kwa mia, ambayo ni 31.5. Jumla yake ni 49.5, C. Yule wa kwanza aliambiwa kwa miaka miwili kwamba anaelewa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemrudisha kwenye sehemu na desimali. Alama za ukarimu zilimnyima msaada aliouhitaji, na msaada huo ndio ungemwongezea sehemu yake katika zile 70.

Dalili ya ukarimu wa namna hii ni rahisi kuiona. Linganisha alama za mwanafunzi katika upimaji wa kidato cha pili, unaosahihishwa nje ya shule, na alama alizopewa shuleni muhula uliofuata. Ikiwa darasa zima lilikuwa chini ya 30 mwezi Novemba na liko juu ya 70 mwezi Juni, ama muujiza umetendeka, ama maswali yalikuwa yale ya latitudo 6.

Wiki mbili za kwanza

Kwa mwalimu anayeripoti sasa, tunapendekeza kazi ianze hivi. Hakikisha kwanza muhtasari wa kila darasa. Kisha soma safu ya malengo kwa muhula mmoja, ukipigia mstari vitenzi. Chukua mada mbili zinazokuja na uandike nguzo zake, kama tulivyofanya kwa Dunia kama Tufe. Tunga jaribio la maswali matano ya nguzo hizo, la dakika ishirini, na ulitoe kabla ya kufundisha chochote. Alama za jaribio hilo zisiingizwe popote. Kazi yake ni kukuonyesha darasa limesimama wapi. Swali lililokoswa na zaidi ya nusu ya darasa lipate kipindi chake katika azimio la kazi, nalo lililokoswa na wachache lishughulikiwe na hao wachache baada ya masomo.

Baada ya hapo andika azimio la kazi, ukiacha nafasi ya marudio ya mwezi Mei, na umpelekee mkuu wa idara pamoja na matokeo ya lile jaribio. Akikuuliza kwa nini umetenga vipindi vinne vya sehemu katika darasa la kidato cha tatu, mwonyeshe ile hesabu ya mistari mitatu, na umwombe ataje ni mstari upi ambao mtoto asiyejua sehemu ataweza kuuandika.